Sifuri Mbili za Mwalimu Mu

Siku ya tatu ya kusahihisha, Mwalimu Mu Yunzhi alikuwa anamenya yai lililochemshwa kwa chai, na hapo ndipo alipoikumbuka ile herufi. Delta. Delta ndogo ya Kigiriki, yenye mkia uliopinda vizuri, imekaa juu ya mstari ambao yeye mwenyewe aliupiga kalamu nyekundu na kuandika sifuri pembeni. Ganda la yai lilimng'ang'ania kidoleni. Hakulitoa.

Aliiona lini? Jana mchana, pengine. Au juzi. Karatasi ya nani? Hilo hakuna ambaye angeweza kulijibu, maana majina yalikuwa yamefichwa chini ya ukingo uliokunjwa na kushonwa kwa uzi, na uzi wenyewe umepigwa mhuri. Alichokumbuka ni delta tu, na chini yake kikomo kimehamishwa kutoka nje ya intigrali kuingia ndani, na mkono wake mwenyewe ukiandika sifuri kabla jicho halijafika mwisho wa ukurasa.

"Dada Mu, yai limekukosea nini?" aliuliza Kang Youlin aliyeketi mkabala naye. Kang alikuwa mwalimu kijana wa idara hiyohiyo, mcheshi, mwenye koti la manyoya ambalo hakulivua hata pale mabomba ya joto yalipouchemsha ukumbi mzima. Yeye alisahihisha swali la nane.

"Kula chako," alisema Mu.

Lakini hakula lake. Alilirudisha yai kwenye mfuko wa nailoni, akachukua karatasi iliyofuata, akaisoma mstari kwa mstari, polepole, jambo ambalo hakulifanya kwa siku mbili zote. Ilikuwa mbovu tangu mwanzo hadi mwisho, na ilimpotezea dakika nne.

Sasa mjue mtu huyu ni nani. Mu Yunzhi alikuwa na miaka arobaini na saba, binti wa mwanamke aliyeosha mabehewa katika stesheni ya Lanzhou, na kwa miaka ishirini alikuwa akifundisha hesabu za uchambuzi kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Hakuwa profesa, wala profesa msaidizi. Aliomba cheo mara mbili, akanyimwa mara mbili kwa sababu hakuwa na makala za kutosha, na mara ya tatu alikataa hata kuchukua fomu. Wanafunzi walimwita Bibi Nani-Kakuruhusu. Ilikuwa hivi: mwanafunzi akisimama ubaoni, akafika mahali pa kuhamisha kikomo, akakichukua kile kikomo na kukisukumiza ndani ya intigrali kama mtu anayetupia mzigo garini, Mu aliuliza kutoka kiti cha nyuma: "Nani kakuruhusu?" Basi kijana alisimama pale, chaki mkononi, masikio yakiwaka moto. Wengine walilia. Walipohitimu wakarudi kusalimia, walimletea mbegu za alizeti na kumshukuru, naye akawauliza tena nani kawaruhusu kupoteza fedha.

Sifa yake nyingine moja ilikuwa ya mwezi wa kwanza tu. Kila mwaka, mtihani wa kuingia shahada ya pili ukishafanyika, walimu wanane wa idara walifungiwa katika ukumbi wa ghorofa ya tatu kusahihisha. Simu ziliwekwa kapuni mlangoni. Kila mwalimu alipewa swali lake moja, akalisahihisha hilohilo katika karatasi zote, na karatasi zilifungwa pakiti za thelathini thelathini zikisafiri kutoka meza hadi meza. Mwaka ule watahiniwa walikuwa mia nne na kumi na wawili, pakiti kumi na nne. Alama ikishaandikwa, kuibadilisha ilikuwa shughuli: uikate, uandike mpya, utie jina lako kamili, mkuu wa kundi atie lake, na Bibi Fei wa ofisi ya wanafunzi aingize jambo hilo katika daftari lenye jalada jeusi. Baada ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, daftari lilisomwa mbele ya idara nzima, jina na idadi ya masahihisho. Kang Youlin, manane. Fulani, matano. Na kwa miaka kumi na mmoja mfululizo Profesa Dou, mkuu wa kundi, alifika kwenye jina lake, akanyanyua miwani na kusema: "Mu mdogo. Sifuri." Watu walipiga makofi. Hayo ndiyo makofi pekee aliyowahi kupigiwa kazini, na tuseme ukweli, aliyapenda.

Swali la saba mwaka ule lilikuwa mtego, na Mu alijua kuwa ni mtego kwa sababu alikuwepo lilipotungwa. Lilitoa mfuatano wa fankisheni: n mara x, gawa kwa moja jumlisha n-mraba mara x-mraba, x ikiwa kati ya sifuri na moja. Ukizichora utaona kilima. Kadiri n inavyokua, kilima kinasogea kushoto kuelekea sifuri na kuwa chembamba, lakini hakipungui urefu hata kidogo: kilele chake ni nusu, leo nusu, kesho nusu, kikiwa pale x ilipo moja gawa kwa n. Ni kama uvimbe chini ya zulia unaousukumia ukutani. Simama mahali popote, subiri, kilima kitakupita na mahali pako patatulia kwenye sifuri, ambayo ndiyo kikomo. Lakini hakuna saa ambayo sehemu zote zimetulia kwa pamoja, maana kilima daima kiko mahali fulani. Hicho ndicho kipengele cha kwanza: onyesha kwamba mfuatano haukaribii kikomo chake kwa pamoja. Alama sita.

Kipengele cha pili: je, kikomo cha intigrali, yaani cha eneo lililo chini ya mchoro, ni sawa na intigrali ya kikomo? Thibitisha. Alama nane. Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Kila mwanafunzi amekaririshwa kwamba fankisheni zikikaribia kwa pamoja, ruhusa ipo, hamisha kikomo ndani ya intigrali. Hapa hazikaribii kwa pamoja. Kwa hiyo wazembe waligawanyika makundi mawili. Kundi moja liliandika: si kwa pamoja, basi si sawa. Hilo ni kosa, kwani nadharia inasema lini ruhusa ipo; haisemi kwamba bila hiyo mlango umefungwa. Ukipiga intigrali kwa mkono unapata logi ya moja jumlisha n-mraba, gawa kwa mbili n, na hiyo inakwenda sifuri. Ni sawa kabisa. Kundi la pili lilihamisha kikomo bila kuuliza mtu, likapata sifuri ile ile iliyo sahihi, kwa njia ya wizi. Hao nao walipata sifuri ya pembeni.

Na hapa ndipo mkono mwepesi ulipozaliwa. Baada ya karatasi thelathini Mu hakuwa akisoma tena kipengele cha pili, alikuwa akiwinda. Logi ipo? Nane. "Si sawa" ipo? Sifuri. Kikomo kimeingia ndani? Sifuri. Sekunde ishirini kwa karatasi. Kang alimtania kwamba anasahihisha kwa kunusa.

Lakini delta ile! Maana ipo njia nyingine halali kabisa ya kuhamisha kikomo, nayo inaanza na delta. Unakata sehemu ndogo upande wa kushoto, kuanzia sifuri hadi delta, delta ambayo haisogei. Kulia kwake kilima kimeshapita, fankisheni zote zinashuka chini ya moja gawa kwa n mara delta, zinatulia kwa pamoja, ruhusa ipo. Kushoto kwake kilima kifanye kitakavyo, hakizidi nusu, kwa hiyo eneo lake halizidi nusu ya delta, na delta uifanye ndogo utakavyo. Kwisha. Mtu aliyeandika hivyo hakuiba kitu. Amejibu swali lile lile ambalo Bibi Nani-Kakuruhusu ameliuliza miaka ishirini, na Bibi Nani-Kakuruhusu hakusubiri jibu.

Moyo haukumtulia tena. Alikunywa maji ya moto, akaenda msalani, akarudi, akasahihisha nne, akaenda tena msalani.

"Tumbo?" aliuliza Kang.

"Kang mdogo, wewe katika swali lako, mtu akiwa sahihi kwa njia usiyoitarajia unamwona?"

"Langu halina shida hiyo. Langu ni la mteremko." Alipindua karatasi na kumwonyesha. "x gawa kwa moja jumlisha n-mraba x-mraba. Hizi zinakaribia sifuri kwa pamoja, safi kabisa. Basi wote wanafurahi, wanaandika kwamba mteremko wa kikomo ni kikomo cha mteremko, maana zinakaribia kwa pamoja! Wakati pale kwenye sifuri mteremko ni moja, moja, moja, miaka yote, na mteremko wa kikomo ni sifuri. Kwa mteremko, fankisheni kukaribia kwa pamoja hakutoshi, inatakiwa miteremko yenyewe ikaribie kwa pamoja. Wako wanadhani ruhusa haipo ilhali ipo, wangu wanadhani ipo ilhali haipo. Tukiwachanganya tutapata mwanafunzi mmoja mzima."

Mu hakucheka. "Kuna karatasi nimeipa sifuri," alisema kwa sauti ya chini. "Nadhani ilistahili nane."

Kang aliacha utani mara moja. Alitazama meza ya mbele, ambako Profesa Dou alikuwa anasinzia nyuma ya kikombe chake, na Bibi Fei akihesabu pakiti. "Unadhani, au unajua?"

"Nadhani."

"Dada, leo saa kumi na moja jumla zinatiwa sahihi. Wewe treni yako saa ngapi?"

"Kumi na mbili na dakika arobaini."

"Basi unadhani vibaya," alisema Kang, kwa upole. "Kula yai."

Mumewe alikuwa mjini Tianshui kwa mama yake, mama mkwe aliyekuwa akiumwa nyonga, na tikiti ya treni ya kwenda huko Mu aliipangia foleni tangu saa kumi na moja alfajiri, kwa siku mbili, katika baridi inayokata masikio. Ni siku nne tu kabla ya mwaka mpya. Ukikosa treni ile, zilizobaki ni za kusimama wima mlangoni pa choo. Alilifikiria hilo. Alilifikiria pia daftari jeusi. Sina sababu ya kumficha: alilifikiria daftari kwanza.

Alimaliza pakiti yake ya mwisho saa sita mchana. Kwa kawaida angejinyoosha mgongo na kujivuna kidogo. Safari hii alinyanyuka akiwa na kalamu bado mkononi, akaenda meza ya mbele.

"Profesa Dou."

Mzee alifumbua jicho moja. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na alimwita Mu "Mu mdogo" tangu alipokuwa mwanafunzi wake mwenye mikia miwili ya nywele. "Mu mdogo, umemaliza? Umekuwa wa kwanza tena?"

"Naomba pakiti zangu zirudishwe. Zote."

Bibi Fei aliacha kuhesabu. Alikuwa mwanamke mwembamba asiyejua tofauti ya intigrali na ndoano, na hakuhitaji kuijua. "Pakiti tisa zimeshajumlishwa," alisema. "Zimefungwa. Nani anafungua kilichofungwa?"

"Nimempa mtu sifuri. Alikata kwa delta, kisha akahamisha. Sikusoma juu ya mstari."

Dou alivaa miwani. Usingizi ulikuwa umemtoka wote. "Alikata wapi?"

"Sikumbuki."

"Pakiti gani?"

"Sikumbuki, Profesa."

"Sasa unakumbuka nini?"

"Delta. Imeandikwa vizuri."

Bibi Fei alicheka puani. "Watu mia nne na kumi na wawili, mwalimu anatafuta mkia wa herufi!" Kisha akaona nyuso zao, akavuta daftari jeusi karibu. "Mkuu wa kundi akisema fungua, nafungua. Lakini saa kumi na moja sisogezi hata dakika. Dereva wa ofisi kuu atakuwa anasubiri chini."

Dou alimgeukia Mu. "Alama nane," alisema. "Mwaka jana kati ya aliyechukuliwa wa mwisho na aliyeachwa wa kwanza kulikuwa na alama ngapi?"

"Mbili," alisema Mu.

"Fungua," Dou alimwambia Bibi Fei.

Alianza na pakiti ya kumi na nne akirudi nyuma, maana aliamini ilikuwa jana. Sasa alisoma kila sifuri yake. Kwa kila moja alimwomba mwenyewe radhi kimoyomoyo, kisha akamkuta mwizi kweli: kikomo ndani, hakuna neno, hakuna sababu. Kumi na nne. Kumi na tatu. Kang alimaliza swali lake, akaja kukaa pembeni akimtafunia mbegu za alizeti sikioni.

"Ondoka, unanichanganya."

"Nakuhesabia. Umebakiza tisa."

Saa tisa na nusu, katika pakiti ya sita, aliiona. Ile ile. Mwandiko mzuri kama wa kitabu, delta yenye mkia, na chini yake kikomo kimehamishwa. Aliiinua karatasi kwa mikono miwili, akampelekea Dou bila kuisoma, kama vile kuisoma peke yake kungekuwa wizi mwingine.

Walisoma pamoja, vichwa vitatu juu ya ukurasa mmoja. Mtahiniwa alikata sehemu mbili, kwa uzuri kabisa. Kisha akaandika: delta iwe moja gawa kwa n.

Kang alipiga mluzi mdogo.

"Amekata kileleni," alisema Dou.

Ndivyo ilivyokuwa. Delta yake haikukaa mahali pamoja. Ilikimbia pamoja na kilima. Upande wa kushoto ulikuwa mdogo, hilo sawa. Lakini upande wa kulia, ambao yeye alidai umetulia kwa pamoja, ulianzia palepale kwenye kilele, urefu nusu, kila mara nusu. Ruhusa aliyojipa haikuwepo. Mwandiko wa dhahabu, hoja ya udongo.

"Sifuri yako ni sifuri," alisema Dou, akarudisha karatasi. Sauti yake ilikuwa na unafuu mwingi. "Mu mdogo, hata ukiwa huangalii unaona."

"Miaka kumi na miwili!" alisema Kang akimpiga bega. "Haya dada, wahi nyumbani uchukue begi. Una muda hadi wa kula tambi za nyama."

Bibi Fei alikuwa ameshaanza kufunga pakiti. Mu alivaa koti. Akazungusha skafu. Akachukua simu yake kapuni, akatia sahihi ya kutoka, akashuka ngazi. Alipaswa kufurahi, na ngazi za kwanza kweli alizishuka kwa furaha. Ghorofa ya pili mguu ulipungua kasi. Kwenye kidirisha cha ngazi barafu ilikuwa imechora majani kwenye kioo. Alisimama akakitazama bila kukiona.

Kilichomsumbua hakikuwa na jina bado. Alijiambia: umetafuta, umepata, ulikuwa sahihi. Akajijibu: nilikuwa sahihi kwa bahati, kama wale wezi. Nilipata jibu zuri bila kusoma. Kisha likaja lenyewe: huyu alimkumbuka kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri. Na ambaye hana mwandiko mzuri, nani angemkumbuka?

Pakiti tano hazikuwa zimefunguliwa.

Aliporudi ukumbini, Bibi Fei alikuwa ameshika mkasi na gundi. "Umesahau nini?"

"Tano zilizobaki."

"Mwalimu, wewe ulikuwa unatafuta mtu, umempata!"

"Nilikuwa namtafuta niliyemkumbuka," alisema Mu. "Hiyo si kazi. Hiyo ni kujisafisha roho. Profesa, naomba."

Dou alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi. "Ukimpata mmoja, Mu mdogo, jina lako litasomwa," alisema, na wala hakusema kwa kumtisha. Alisema kama mzee anayemwonyesha mtoto barafu njiani.

"Lisomwe."

Tano. Nne. Hakuna. Kang alichukua pakiti ya tatu bila kuombwa na kuanza kusoma sifuri zake kutoka mwisho, na safari hii hakutafuna kitu. Joto la mabomba lilimchoma Mu mgongoni naye akasahau kuvua skafu. Pakiti ya tatu ikaisha. Ya pili. Karatasi ya saba, ya nane, ya kumi na tisa. Saa kumi na dakika ishirini na tano.

Karatasi ya ishirini na tatu ilikuwa imechafuka. Mtahiniwa alikata, akafuta, akaandika juu ya alichofuta, wino umevuja, mistari inapanda kilima kuelekea kona. Hakutumia delta. Alitumia herufi a, a ya kawaida, ndogo, iliyofungwa vibaya hivi kwamba ilifanana na mbili. Na mstari mwekundu wa Mu, mnene na wa haraka, ulikuwa umepita juu ya maneno mawili ya mwanzo wa sentensi. Alisogeza karatasi kwenye mwanga ili kuyasoma chini ya wekundu wake mwenyewe.

"Hata hivyo," yaliandikwa.

Hata hivyo, mfuatano ukiwa haukaribii kwa pamoja kwenye kipande kizima, chukua a yoyote iliyo kubwa kuliko sifuri, uishike. Kutoka a hadi moja, kila fankisheni haizidi moja gawa kwa n mara a. Hapo kikomo kinaruhusiwa kuingia. Kutoka sifuri hadi a, hakuna inayozidi nusu. Eneo halizidi nusu ya a. Kwa kuwa a ni yoyote, kikomo ni sifuri, na viwili ni sawa. Mistari sita. Hakuna neno la ziada. Alama aliyompa ilikuwa pembeni, duara zuri, limefungwa sawasawa.

Huyu hakumkumbuka hata kidogo. Alijaribu, akitafuta kichwani mwake asubuhi ya juzi, meza, kikombe, karatasi hii mkononi. Hapakuwa na kitu. Alikuwa amempita mtu huyu kwa sekunde ishirini na asingemkumbuka mpaka anakufa.

"Profesa," aliita, akamsogezea karatasi.

Dou alisoma mara moja. Akasoma mara ya pili. Akafungua kifuniko cha kalamu yake.

Mu alikata sifuri. Akaandika nane. Pembeni akaandika jina lake kamili, Mu Yunzhi, taratibu, herufi moja baada ya nyingine, na Dou akaandika lake chini. Bibi Fei alifungua daftari jeusi kwenye ukurasa wa mwaka ule, kwenye mstari wa Mu uliokuwa mtupu, akachovya kidole ulimini, akauliza: "Sababu ya sahihisho niandike nini? Kosa la kujumlisha?"

Ulikuwa wema, kwa namna yake. Kosa la kujumlisha ni kosa la mtu yeyote.

"Andika: msahihishaji hakusoma," alisema Mu.

Bibi Fei alimtazama, akatazama Dou, kisha akaandika hivyohivyo.

Pakiti ya kwanza haikuwa na kitu. Saa kumi na moja kasoro dakika tatu dereva alipanda ngazi mwenyewe akilalamika, na masanduku yakabebwa. Mu alivuta kiti akaketi. Treni bado angeweza kuiwahi kama angekimbia. Begi lilikuwa nyumbani, upande wa pili wa mto. Hakukimbia. Alimpigia simu mumewe.

"Nitakuja kesho, kwa tikiti ya kusimama," alisema.

"Kusimama kwa nini? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimekosea kazini."

Mumewe akauliza: "Wewe?"

Kang alikuwa amebaki. Alimalizia kumenya lile yai la asubuhi, lililokwisha poa kabisa, akamwekea mbele juu ya karatasi safi. Kisha, kwa sababu hakuweza kukaa muda mrefu bila kusema neno, alisema: "Kwa hiyo mwaka huu daftari litasomwa, Mu mdogo: moja. Watapiga makofi?"

"Sijui," alisema Mu. Alilishika yai na kulishusha tena. "Kang, miaka kumi na mmoja. Karatasi mia tatu, mia nne kila mwaka. Sikuwahi kurudi nyuma hata mara moja."

Kang hakutania; alikusanya maganda ya yai mezani, moja moja.